Shajara ya mradi: mguu wa kushoto wa mrusha mkuki, fremu kwa fremu, kabla na baada ya mazoezi

Naiandika hii kwa yeyote mwenye simu, uwanja wa shule na mwanamichezo anayetaka kujua kama mazoezi yamembadilisha kweli au tunajiona tu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, nasaidia upande wa michezo. Binti tunayemfuatilia ana miaka 17, anarusha mkuki wa gramu 600 (ndio tulionao shuleni), anarusha kwa mkono wa kulia. Kocha ni mzee wa mtaani kwetu, karusha sana enzi zake, na tangu aanze kumwangalia anasema kitu kimoja tu: mguu wa mbele unalegea. Yaani akishafika mwisho wa mbio na kukanyaga mguu wa kushoto ili arushe, goti linakunjika kama bawaba na nguvu yote ya mbio inaishia ardhini badala ya kupanda kwenye mkuki.

Kocha anaona kwa macho, mimi nilitaka namba. Mama yake binti alisaini kukubali tumrekodi, na tumekubaliana video hazitoki kwenye laptopu yangu.

Jumamosi 8 Februari 2025: kurekodi "kabla"

Hii siku tuliifanya haraka haraka na nimeijutia miezi miwili. Kijana mmoja wa kidato cha nne ana simu yenye sloo mosheni, imeandikwa fremu 240 kwa sekunde, nikamwambia simama pale pembeni urekodi. Akasimama pale alipoona panafaa, karibu na kona ya goli, akashika simu kwa mkono. Binti akarusha mara 9, mbio fupi za hatua tisa. Tukapima kwa futi kamba, mitupo ikawa kati ya mita 31 na 34.

Sikupima kamera ilikuwa wapi. Sikuweka alama yoyote chini. Nilijua tu kwamba ni upande wa kulia wa mrushaji, na hilo angalau lilikuwa sahihi, maana anayerusha kwa mkono wa kulia kifua chake kinageukia upande huo anapovuta mkuki nyuma, kwa hiyo unaona mkono, mkuki na mguu wa mbele kwa pamoja.

Gharama: hakuna, soda mbili tu.

Alhamisi 13 Februari: fremu zimepotea njiani

Kijana akanitumia video kwa apu ya meseji kama watu wote tunavyotumiana. Nikafungua kwenye Kinovea (ya bure, inakaa kwenye Windows, inakuwezesha kusogeza fremu moja moja na kuchora pembe juu ya picha), nikabonyeza mshale wa kwenda mbele, mguu uko hewani, nikabonyeza tena mguu uko chini na goti tayari limekunjika. Hakuna fremu ya mguu unagusa. Nikadhani nimeruka, nikarudi nyuma, hakuna.

Kucheki faili lina fremu ngapi kwa sekunde nilitumia hii:

```
ffprobe -v error -select_streams v:0 -show_entries stream=avg_frame_rate,nb_frames -of default=nw=1 tupa3.mp4
```

Ikasema 30. Video ikitumwa kama video ya kawaida hubanwa ili iwe nyepesi, na kwenye kubanwa huko fremu nyingi hutupwa. Kwa fremu 30 kwa sekunde kila picha ni milisekunde 33 mbali na nyingine. Sasa tangu mguu wa mbele uguse chini mpaka mkuki utoke mkononi, kwa warushaji wazuri ni sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi kidogo. Hapo unapata picha tatu nne za tukio zima, huwezi kusema kitu.

Dawa yake ni kutuma faili kama dokumenti, sio kama video, au uchukue kwa waya moja kwa moja kutoka kwenye simu. Nikamkimbilia kijana siku hiyo hiyo, kumbe kashaanza kufuta ili apate nafasi. Kati ya mitupo 9 nikaokoa 6. Hizo 6 ndizo "kabla" yetu yote na haziwezi kurudiwa, maana binti wa tarehe 8 Februari hayupo tena, kashaanza kufundishwa.

Jumapili 16 Februari: je, 240 ni 240 kweli?

Faili za asili nikazicheki, zinasema 30 tena! Nusura nikate tamaa, kumbe hapa maana ni tofauti. Simu nyingi zinarekodi fremu nyingi halafu zinaandika faili la kuchezwa polepole, kwa hiyo faili linasema 30 lakini kila fremu ndani yake ilipigwa kwa 1/240 ya sekunde. Faili halitakwambia hilo. Ni lazima ulipime mwenyewe kwa kitu ambacho muda wake unaujua.

Mimi nilitumia kudondosha mpira mdogo. Ukidondosha kitu kizito kidogo kutoka mita 1.25 (bila kukisukuma, unaachia tu), kinafika chini baada ya sekunde 0.505, fizikia ya sekondari. Kwa fremu 240 kwa sekunde unatakiwa uhesabu kama fremu 121 tangu mkono uachie mpaka mpira uguse. Nikachora mstari wa chaki ukutani kwenye 1.25, nikamwazima kijana simu yake, nikarekodi mara tano.

Nikahesabu 121, 120, 122. Nikafurahi. Halafu wakati nahesabu ile ya nne nikaona kitu, mpira unasogea, unasimama, unasogea, unasimama. Kila fremu mbili zinafanana kabisa. Yaani simu inapiga 120 halafu inarudufu kila picha ili ifike 240. Muda wa jumla uko sawa, lakini picha za kweli ni 120, kila moja milisekunde 8.3.

Kwa hiyo anayetaka kuiga hii: usihesabu fremu tu, angalia kama kila fremu ina mabadiliko. Kama kuna jozi zinazofanana, spidi yako ya kweli ni nusu. Tangu hapo kila namba ya fremu humu ni kwa 120 za kweli, isipokuwa nikisema vingine.

Jumamosi 22 Februari: fremu ipi ndio fremu?

Nilidhani kazi hii ni ya saa moja, imenichukua wikendi nzima. Shida sio kuchora pembe, shida ni kuamua "mguu umegusa" ni fremu ipi. Siku ya kwanza nilichagua fremu ambayo kiatu kinaonekana kimelala chini, siku ya pili nikachagua ambayo kisigino kimegusa tu, na tofauti kati ya hizo mbili ilikuwa fremu tatu, ambazo ni zaidi ya milisekunde 20. Ukiamua kwa hisia utajikuta unapata matokeo unayoyataka.

Nikaandika sheria kwenye karatasi nikaibandika juu ya laptopu:

Mguu umegusa: fremu ya kwanza ambayo kisigino hakishuki tena ukilinganisha na fremu iliyotangulia. Vumbi lisitumike, linachelewa kuonekana.

Mkuki umetoka: fremu ya kwanza ambayo kuna mwanga kati ya kiganja na kamba ya mshiko.

Goti: pembe ya nyuma ya goti, kutoka kwenye nyonga, goti, kifundo. Naipima mara mbili, kwenye fremu ya kugusa na kwenye fremu ambayo goti limekunjika zaidi kabla mkuki haujatoka. Mguu ulionyooka kabisa ni nyuzi 180.

Mkuki: pembe kati ya mkuki na ardhi kwenye fremu ya kutoka.

Halafu kukawa na ukungu wa picha. Tulirekodi saa moja asubuhi kuna mawingu, simu ikafungua shata kwa muda mrefu ili ipate mwanga, kwa hiyo mkono na mkuki ni kama moshi. Hesabu yake ni rahisi: mkuki unaotoka kwa mita 20 kwa sekunde, shata ikiwa 1/250 husogea sentimita 8 wakati picha moja inapigwa. Ikiwa 1/1000 husogea sentimita 2 tu. Hapa mwanga ndio kila kitu, rekodi jua likiwa limepanda na kama simu yako inaruhusu kuweka shata kwa mkono iweke 1/1000 au kasi zaidi. Mikia na ncha za mkuki hazikuonekana vizuri, nikachora mstari kwa kufuata katikati ya ule ukungu.

Matokeo ya "kabla", mitupo 6: tangu kugusa mpaka kutoka ni fremu 21, 22, 20, 23, 21, 22. Wastani 21.5, ambayo ni sekunde 0.179. Goti likigusa lina wastani wa nyuzi 161, halafu linaanguka mpaka 131. Mkuki unatoka kwa nyuzi 39.

Nikamwonyesha kocha ile fremu ya goti likiwa limekunjika, akaiangalia muda mrefu, akasema, "Mwalimu, hicho ndicho nakisema kila siku, sasa mwite mwenyewe aone." Binti akaja, akaamkia, akaiona. Akauliza, "Hapo mkuki bado ninao mkononi?" Nikamwambia ndiyo bado. Akasema yeye huwa anahisi kashaurusha.

Februari hadi Aprili: mazoezi yenyewe

Hii sehemu ni ya kocha, naigusa kwa ufupi. Mara tatu kwa wiki: kurusha mpira mzito wa kilo 2 kwa mikono miwili juu ya kichwa kutoka kwenye mguu wa mbele ulionyooka, kurusha mkuki kwa hatua tatu tu, na zoezi la kuwahisha mguu wa kushoto, yaani ukishapiga ile hatua ya kuvuka ambayo mguu wa kulia unapita mbele ya kushoto, mguu wa kushoto usipae juu, upite chini chini uwahi kutua. Neno lake la kila siku ni "wahi chini."

Mwezi wa Ramadhani ulianza mwanzoni mwa Machi, binti anafunga, kocha akapunguza mazoezi na mimi nikaamua sirekodi chochote mpaka baada ya Idi. Mrushaji aliyefunga ukimlinganisha na yule wa Februari aliyekunywa chai hujui unapima nini.

Wakati huo jioni nilijaribu kupima video za mabingwa ili tuwe na kioo. Kocha anapenda kumsimulia binti habari za jirani yetu Julius Yego wa Kenya, aliyejifunza kwa kuangalia video za Jan Železný na Andreas Thorkildsen YouTube, akaja kuwa bingwa wa dunia Beijing 2015 kwa mita 92.72. Na ni kweli, kwa kujifunza umbo na mdundo zile video zinafaa sana, tulimwonyesha binti jinsi mguu wa mbele wa Železný unavyosimama kama nguzo. Ila kwa kupima nikaacha. Kamera ya televisheni inageuka kumfuata mrushaji, kila fremu ina pembe yake ya kutazama, na nyingi ni fremu 25 au 30 kwa sekunde. Ukichora nyuzi juu ya picha kama hiyo unapima kamera.

Na hilo nililijua kuhusu video za watu, kwenye yangu mwenyewe sikuliona.

Jumamosi 12 Aprili: "baada", mara ya kwanza

Safari hii nilijipanga. Nikanunua stendi ya simu ya miguu mitatu, shilingi 35,000. Nikaazima simu ya mwalimu mwenzangu, nikaifanyia jaribio la mpira, hii ni 240 za kweli hakuna jozi. Nikaiweka mita 12 kutoka kwenye njia ya mbio, mkabala kabisa na mahali anapokanyaga mguu wa mwisho, nikapima kwa kamba ili mstari wa kamera na njia ya mbio vifanye pembe mraba. Saa tatu asubuhi, jua safi.

Kosa la siku ni utepe. Nilinunua utepe mweupe wa shilingi 3,000 nikambandika alama kwenye goti na kifundo upande wa nje wa mguu wa kushoto. Kamera iko kulia kwake! Inaona upande wa ndani wa mguu wa kushoto, kwa hiyo alama zote zilijificha. Isitoshe anavaa suruali ya kubana na utepe ulikuwa unateleza kila akikimbia. Tukautoa, nikazungusha utepe mguu mzima kama bangili, moja chini kidogo ya goti na moja juu ya kifundo, hiyo unaiona kutoka upande wowote. Nyonga haiwezekani, mkono unapita mbele yake, nikaendelea kutumia mstari wa katikati ya paja.

Mitupo 8. Jioni nikapima: goti linaanguka mpaka 144 tu badala ya 131. Mkuki unatoka kwa nyuzi 35 badala ya 39.

Nikampigia kocha usiku ule ule. Nilifurahi sana, hasa ile ya mkuki, maana nyuzi 39 kwa msichana anayerusha mita 33 ni juu mno, mkuki unapanda halafu unadondoka, na sasa 35 ndio kabisa. Kocha akaniambia, "Sawa mwalimu, lakini mimi mkuki sijamgusa. Sijamfundisha chochote cha pembe."

Nililala na hiyo sentensi.

Jumapili 13 Aprili: kumbe ni kamera

Asubuhi nikafungua fremu ya Februari na ya Aprili pembeni kwa pembeni. Ya Aprili nyuma ya binti kuna ukuta umenyooka. Ya Februari ule ukuta unakimbia kwenda mbali. Yule kijana hakusimama mkabala, alisimama mbele kidogo akiangalia kwa mshazari. Kwa kukadiria kutoka kwenye ramani ya uwanja niliyochora, alikuwa kama nyuzi 30 nje ya pembe mraba.

Kitu kinachoelekea mbele ukikitazama kwa mshazari kinaonekana kifupi kuliko kilivyo, ila urefu wake wa kwenda juu haubadiliki. Kwa hiyo kinaonekana kimesimama zaidi. Kwa mkuki hesabu ni hii: tanjiti ya pembe ya kweli ugawe kwa kosaini ya nyuzi 30. Mkuki wa nyuzi 35: 0.700 gawanya kwa 0.866 ni 0.808, ambayo ni pembe ya nyuzi 39.

Thelathini na tisa. Ile ile ya Februari.

Sikutaka kuamini karatasi peke yake, nikaenda uwanjani na mkuki, nikauegemeza kwenye kiti kwa nyuzi 35 nikipima kwa apu ya pima maji ya simu, umeelekea upande wa kurusha. Nikapiga picha kutoka mkabala, nikapiga kutoka karibu na kona ya goli. Kwenye Kinovea ya kwanza ikasoma 35, ya pili ikasoma 39. Mkuki haujasogea hata kidogo.

Ningekuwa nimeandika ripoti jana, ningesema mazoezi yameshusha mkuki nyuzi nne. Hayajashusha chochote.

Jumamosi 26 Aprili: kurudi mahali pa kijana

Video za kabla siwezi kuzirudia, lakini mahali pa kamera naweza kuparudia. Fundi picha yeyote anajua hii: vitu viwili vilivyo mbali tofauti vikipangana kwenye picha, kuna mstari mmoja tu wa kusimama ambapo vinapangana hivyo. Kwenye fremu za Februari nguzo ya kulia ya goli imeziba nusu ya shina la mwembe, na kona ya darasa iko sawasawa na mlingoti wa bendera. Mistari miwili, inakatana sehemu moja. Nikatembea na simu huku nikiangalia fremu iliyochapishwa kwenye karatasi mpaka nguzo ikaziba nusu ya shina na kona ikakaa kwenye mlingoti. Nikapigilia kigingi. Kilikuwa hatua nne kutoka pale nilipodhani alisimama.

Siku ya Muungano shule iko kimya, uwanja ni wetu. Mvua ilinyesha usiku, tukasubiri mpaka saa nne njia ikauke, maana kwenye tope mguu wa mbele unateleza na hiyo ingekuwa namba ya tope. Simu ya kijana kwenye kigingi, simu ya mwalimu mwenzangu mkabala kwenye stendi, zote zinarekodi kwa pamoja. Mbio zile zile za hatua tisa, mkuki ule ule. Mitupo 6.

Kabla ya kupima nikafanya jambo moja zaidi ambalo nashauri mtu asiliruke. Nilimpa mwalimu wa hesabu faili zote 12, sita za Februari na sita za leo kutoka kigingini, nikamwomba azipe majina ya herufi bila kuniambia ipi ni ipi, azikate zianze nusu sekunde kabla ya mguu kugusa. Kweli kuna nyingine nilizitambua kwa mwanga na kwa ule utepe, lakini nyingi nilikuwa nasita, na kusita huko ndiko kunakofanya ufuate sheria ya karatasi. Kila goti nikalipima mara tatu kwa siku tofauti. Mimi mwenyewe kwenye fremu ile ile natofautiana mpaka nyuzi 3. Kwa hiyo badiliko lolote la nyuzi 3 kwenda chini kwangu sio badiliko.

Jumamosi 3 Mei: matokeo, kigingi kwa kigingi

Muda tangu kugusa mpaka kutoka: Februari fremu 20 hadi 23. Aprili 17, 18, 16, 18, 17, 19. Wastani umetoka 21.5 kuja 17.5, yaani sekunde 0.179 kuja 0.146. Mtupo mbovu kabisa wa Aprili ni bora kuliko mzuri kabisa wa Februari, hazigusani. Simu ya 240 iliyokuwa mkabala imetoa wastani wa fremu 35 kasoro kidogo, ambayo ni muda ule ule. Hii ndiyo namba ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu muda haujali kamera imesimama wapi, mradi unaona kisigino na kiganja. Kama ningeanza upya ningeanza na muda, pembe baadaye.

Goti linapokunjika zaidi: Februari 131 (kati ya 126 na 137), Aprili kutoka mahali pale pale 147 (kati ya 141 na 152). Nyuzi 16. Kutoka mkabala mitupo ile ile inasoma 144. Hapa mshazari ulifanya kinyume, ulilifanya goti la Februari lionekane limenyooka kuliko lilivyokuwa, kwa hiyo hesabu yangu ya kwanza ya nyuzi 13 ilikuwa inamdhulumu binti. Kosa moja la kamera lilinipa maendeleo ya uongo kwenye mkuki na likaninyima ya kweli kwenye goti.

Mkuki: Februari 39, Aprili kutoka kigingini 39. Bila badiliko. Kocha alikuwa sahihi.

Umbali: wastani wa Februari mita 32.4, Aprili mita 34.1. Nauandika kwa sababu watu watauliza, ila sijui sehemu gani ni goti na sehemu gani ni upepo au miezi miwili ya kukua, hatuna kipima upepo.

Gharama mpaka sasa: stendi 35,000, utepe 3,000, memori kadi 18,000, kuchapisha fremu 2,000, nauli za kijana mara mbili 4,000. Jumla shilingi 62,000. Programu zote ni za bure.

Kutoa fremu za sekunde moja ya faili ili nizihifadhi kama picha natumia hii, haitupi wala kurudufu fremu:

```
ffmpeg -ss 4 -t 1 -i tupa3.mp4 -fps_mode passthrough tupa3_%04d.png
```

Jumatano 7 Mei: alichokiona mwenyewe

Nilimpa binti laptopu ajisogezee fremu mwenyewe, Februari kushoto Aprili kulia, zimeanzia zote mguu unapogusa. Mimi na kocha tulikuwa tunaangalia goti. Yeye akaenda mbele nyuma mara kadhaa akasema, "Mwalimu, mbona hapa kiwiko kimeshuka kuliko cha zamani?" Kweli, kwenye mitupo minne kati ya sita ya Aprili kiwiko cha kulia kinapita chini ya bega kabla mkuki haujatoka, Februari ilikuwa miwili. Kocha akasema inawezekana, mguu umewahi na mkono bado una mdundo wa zamani, unakimbizana.

Lakini kiwiko kutoka pembeni hakipimiki, kinakuja kuelekea kamera. Inabidi kamera ikae nyuma yake, kwenye mstari wa mbio. Nimeshapigilia kigingi cha pili mita 10 nyuma ya mwanzo wa njia na nimekipima kutoka kwenye nguzo mbili za goli, vipimo nimeviandika kwenye daftari. Tunarekodi Jumamosi ya tarehe 17, kabla kocha hajamwambia neno lolote kuhusu mkono.